Pagola Yenye Kimo cha Banda la Kuku

ZUHURA: Karibuni tena. Juma wiki hii alinitumia picha ya ua wake mtupu, kashachomekea ndani yake, kwa kompyuta, pagola, kile kibanda cha nguzo na mbao za juu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

JUMA: Dada, niliivuta na kuipunguza mpaka jicho likaridhika!

ZUHURA: Jicho lako liliridhika na banda la kuku. Ua ukiwa mtupu hakuna cha kulinganisha nacho. Simu uliishika juu kiasi gani?

JUMA: Nani anapima?

ZUHURA: Pima. Ishike wima, mita 1.5 kutoka chini, usiiinamishe. Halafu bandika utepe kwenye ukuta ulio mbele yako, nao ukae mita 1.5 kutoka chini. Kwenye picha, chora mstari wa kulala upite hapo penye utepe. Ardhi ikiwa tambarare, mstari huo unakata kila kilichosimama kwenye kimo cha mita 1.5.

JUMA: Hata kilichoko mbali?

ZUHURA: Hata hicho. Tia alama mahali mguu wa nguzo ya mbele utakapokaa, uhesabu pikseli, vile vitone vya picha, mpaka kwenye mstari. Tuseme ni 300. Hizo ni mita 1.5. Pagola yako ni mita 2.4, yaani mara 1.6 ya hapo, kwa hiyo nguzo ichore pikseli 480. Ya nyuma, ukikuta 200, ichore 320.

JUMA: Kumbe! Mimi nilinakili za mbele, nikazibandika nyuma kwa kukisia.

ZUHURA: Na vichaka ni hivyo hivyo. Tumia kimo cha mmea uliokomaa, si cha mche unaoupanda leo, la sivyo utaibana njia.

JUMA: Vigae je? Vyangu vilionekana vimesimama kama ukuta.

ZUHURA: Kabla ya kupiga picha, pigilia vigingi vinne chini, mraba wa mita 2 kwa 2. Kwenye kompyuta, chora vigae vya sentimita 40, vitano kwa vitano, kana kwamba unavitazama kutoka juu. Kisha vuta kila pembe ya mchoro ikae juu ya kigingi chake, kwa ile zana inayosogeza pembe moja moja. Safu za mbali zitajibana zenyewe. Zikibaki na upana uleule, ujue umeuminya mchoro tu, hujaulaza.

JUMA: Na vivuli nivielekeze vinakoelekea vya ukuta.

ZUHURA: Ndiyo. Ila kwenye mteremko, mstari wetu unadanganya.

JUMA: Ua wangu unateremka kuelekea mtaroni.

ZUHURA: Ungesema mapema! Basi simamisha fito ya mita 1.5 kila mahali pa nguzo, upige picha zikiwemo. Kila nguzo itapimwa kwa fito yake.

JUMA: Fito ninazo tatu. Ya nne nitasimamisha ufagio.

ZUHURA: Upime kwanza huo ufagio.