Mfilisi na KRA: kutoka barua ya kwanza hadi kufunga PIN ya kampuni

Habari zenu. Leo naongea na mfilisi ambaye wino wa barua ya uteuzi wake bado haujakauka. Kampuni iko Kenya, imeshindwa kulipa madeni, na umekabidhiwa funguo za ofisi, karakana na faili zilizojaa vumbi. Nitafuata mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho: kiwanda kidogo cha samani jijini Nairobi, wafanyakazi 15, mashine kadhaa, na hakuna benki inayoshikilia dhamana. Umeteuliwa tarehe 3 Machi.

Hatua ya kwanza ni barua kwa Kamishna wa KRA. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015, kifungu cha 17, inakupa siku 15 tangu siku ya uteuzi, kwa hiyo katika mfano wetu mwisho ni tarehe 18 Machi. Andika jina la kampuni, namba yake ya usajili, PIN, tarehe uliyoteuliwa, na uambatishe nakala ya uteuzi. Omba pia jambo moja ambalo wengi husahau: deni lichanganuliwe kwa kila aina ya kodi na kila mwezi, na kodi yenyewe itenganishwe na faini na riba. Utaona baadaye kwa nini. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Tuseme muhuri unasoma tarehe 11 Machi.

Muhuri huo ndio unaoanzisha hesabu ya upande wa pili. Kamishna ana miezi miwili kukujulisha kwa maandishi kampuni inadaiwa kiasi gani, yaani hadi tarehe 11 Mei. Kabla hujapata jibu hilo, usiuze mali yoyote bila idhini yake. Najua mnunuzi wa mashine atakupigia simu kila asubuhi, na mwenye jengo anataka nafasi yake. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliuza pikapu moja mapema kwa sababu bei ilikuwa nzuri, kisha nikatumia wiki kadhaa nikieleza nilichofanya. Kama kuna kitu kinachooza au kinachopoteza thamani, andika kuomba idhini ya kuuza kitu hicho peke yake. Ukipuuza utaratibu huu unawajibika kwa mfuko wako mwenyewe, hadi kiasi ulichopaswa kutenga kutoka pesa za mauzo kwa ajili ya kodi.

Wakati unasubiri, ingia iTax uangalie ritani. Kampuni ikifunga milango, mfumo haujui. VAT inaendelea kutakiwa kila tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kodi ya mishahara, ile inayosomeka PAYE, kila tarehe 9, hata kama hakuna cha kuripoti. Ritani ya VAT iliyochelewa ina faini ya shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ipi iliyo kubwa. Wasilisha zote, hata zile za sifuri.

Sasa jibu la KRA limefika: shilingi milioni 7. Usishtuke, wala usilipe. Litazame kwa makini. Kwa kuwa uliomba mchanganuo, unaona PAYE milioni 1.4, VAT milioni 4.1, na kodi ya mapato ya kampuni milioni 1.5. Ukichungulia VAT zaidi, milioni 3 ni makadirio. Ritani za Oktoba hadi Januari hazikuwasilishwa, kwa hiyo KRA imekadiria mauzo yenyewe, bila kutoa VAT iliyolipwa kwenye manunuzi.

Hapa ndipo kazi ya mfilisi inapoonekana. Chukua vitabu vya mauzo na ankara za mbao, gundi na vitambaa, kisha uwasilishe ritani halisi za miezi hiyo minne. Fanya haraka, maana VAT ya manunuzi hudaiwa ndani ya miezi 6 baada ya mwezi wa manunuzi. Ikipita, ankara hiyo imekufa. Na kama unapinga tathmini iliyokwisha kutolewa, pingamizi la maandishi liwasilishwe ndani ya siku 30, ukieleza sababu, ukiweka ushahidi na ukilipa sehemu usiyoipinga. Katika mfano wetu ile milioni 3 inashuka hadi 450,000. VAT sasa ni milioni 1.55, na dai lote ni milioni 4.45.

Lakini angalia: barua uliyonayo bado inasema utenge milioni 7. Kupungua kwa deni kwenye iTax hakutoshi. Omba KRA ikubali kwa maandishi kiasi kipya, kidogo, cha kutenga. Ukiikosa barua hiyo, usigawe chochote.

Unauza mashine. Bei ni milioni 10, na kwa kuwa kampuni bado imesajiliwa VAT, unatoa ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, yenye VAT ya asilimia 16 juu yake. Mnunuzi analipa milioni 11.6. Ile milioni 1.6 si ya wadai wala si yako. Ilipe KRA pamoja na ritani ya mwezi huo. Nimeona hesabu za ufilisi zikivurugika kwa kosa hili moja, kwamba milioni 11.6 yote iliingizwa kwenye mgao.

Turudi kwenye milioni 10. Kodi ziko za namna mbili. PAYE iliyokatwa kwa wafanyakazi na VAT iliyotozwa wateja, kampuni ilikuwa inaishikia serikali. Haihesabiwi kuwa mali ya ufilisi, hulipwa kabla ya mgao. Hizo ni milioni 2.95. Kodi ya mapato ya kampuni ni deni la kampuni yenyewe, nayo husimama foleni moja na wauzaji wa mbao. Ndiyo maana tuliomba mchanganuo.

Toa gharama za ufilisi na malipo yako, milioni 2.2, ambazo kifungu cha 17 hakikuzuii kulipa. Kisha mishahara: Sheria ya Ufilisi inaipa kipaumbele hadi shilingi 200,000 kwa kila mfanyakazi. Wafanyakazi 14 wanadai jumla ya milioni 2.1, kila mmoja chini ya kiwango hicho. Meneja anadai 500,000, basi 200,000 inapata kipaumbele na 300,000 inashuka kwa wadai wa kawaida. Jumla ya kipaumbele ni milioni 2.3.

Zinabaki milioni 2.55. Wadai wa kawaida ni KRA milioni 1.5, meneja 300,000, na wauzaji milioni 6.7, jumla milioni 8.5. Kila shilingi inapata senti 30, na KRA inapokea 450,000 kwa kodi ya mapato. Katika mfano huu pesa zilitosha kwa kila aliye mbele ya foleni hiyo. Zisipotosha, usiamue mwenyewe nani atangulie, peleka suala mahakamani upate maelekezo.

Sasa kufunga. Usifute usajili wa VAT kabla mali haijaisha, maana hutaweza kutoa ankara. Ukimaliza kuuza, omba kufutwa ndani ya siku 30. Bidhaa zinazobaki ghalani ambazo kampuni ilidai VAT yake huhesabiwa kana kwamba zimeuzwa siku hiyo. Wasilisha ritani za mwisho, kisha iandikie KRA ukiambatisha jedwali la mgao na risiti, ukiomba barua inayothibitisha kwamba haina dai zaidi dhidi ya ufilisi huu na kwamba PIN inaweza kufungwa. Kwa kuwa milioni 1.05 ya kodi ya mapato haikulipwa, salio litaendelea kuonekana iTax, na cheti cha kawaida cha kutodaiwa kodi usikitegemee. Barua ndiyo unayoihitaji.

Barua ikiwa mkononi, itisha mikutano ya mwisho na upeleke hesabu ya mwisho kwa Msajili wa Kampuni. Miezi 3 baada ya hesabu hiyo kusajiliwa, kampuni inavunjika. Ingia iTax mara moja zaidi kabla ya siku hiyo, uone kama kuna ritani mpya iliyojitokeza kwenye orodha.