Friji Linapozima: Kuweka Uhai Kwenye Katuni Isiyo na Maneno

ZUHURA: Haya, Salim, kuna msikilizaji katutumia kipande cha katuni yake. Sekunde 40 hivi. Mama amekaa jikoni saa saba usiku, anamsubiri mwanawe, hakuna maneno. Mwenyewe analalamika kwamba tukio zima limekufa. Umelisikiliza?

SALIM: Kwa hedifoni, tena usiku. Tatizo linasikika mapema: kijiko kinagonga kikombe, halafu hakuna kitu. Yaani mita ya sauti inalala kabisa. Ukipiga filamu ya watu, hata wote wakinyamaza maikrofoni inanasa hewa ya pale chumbani. Kwenye katuni hakuna chumba. Usipokiweka wewe, mtazamaji anaanza kukagua kama simu yake imekata sauti.

ZUHURA: Basi si anapakua tu "usiku" wa bure mtandaoni?

SALIM: Atapata wadudu na ndege wa huko walikorekodiwa, na mtu wa Tanga atajua huo si usiku wa kwao. Jiko analo nyumbani. Aweke rekoda juu ya taulo iliyokunjwa ili mitetemo ya meza isipite, abonyeze, kisha atoke. Dakika tatu zinatosha. Akibaki mle ndani atarekodi tumbo lake.

ZUHURA: Na mwenye simu tu?

SALIM: Simu inafaa, ila atafute programu inayoruhusu kuzima ule urekebishaji wa sauti wa moja kwa moja. Pakiwa kimya simu inapandisha sauti yenyewe, kitu kikigonga inashusha, na rekodi inapanda na kushuka kama mtu mwenye pumu. Ukishaipata hivyo huwezi kuinyoosha.

ZUHURA: Tuseme dakika tatu anazo, safi.

SALIM: Aiweke rekodi hiyo kwenye traki mbili, moja kushoto, moja kulia, lakini ya kulia aianzishe kutoka dakika ya pili. Hewa ni ile ile, ila masikio mawili hayasikii kitu kimoja kwa wakati mmoja, na chumba kinapanuka. Akinakili kipande kile kile pande zote mbili, sauti itabaki imekaa katikati.

ZUHURA: Mimi kilichonikera ni ile bodaboda. Inapita, inapita tena, mlio ule ule!

SALIM: Ndiyo, ameweka rekodi fupi ya nje inayojirudia. Sikio halishiki mvumo, linashika tukio. Kwa hiyo kwenye mvumo wa nje akate bodaboda, mbwa, na mtu aliyekohoa. Abaki na nyenje na upepo, na kila kiungo akifiche kwa kufifisha kipande kimoja huku kingine kikiingia. Bodaboda aiweke kwenye traki yake, ipite mara moja, pale mama anapoinua kichwa. Na kwa kuwa dirisha limefungwa, apunguze sauti kali za nje, kuanzia kama Hz 800 kwenda juu. Akilifungua dirisha, azirudishe.

ZUHURA: Ziwe juu kiasi gani? Watu wanapenda namba.

SALIM: Namba itamdanganya, kila rekodi ina yake. Apandishe mpaka aanze kuisikia waziwazi, kisha ashushe desibeli 3 au 4. Halafu aizime ghafla katikati ya tukio. Asiposikia tofauti, ameshusha mno. Akijikuta anasikiliza nyenje badala ya kumtazama mama, bado iko juu.

ZUHURA: Sasa lile wazo lako la friji.

SALIM: Hilo ndilo ningelifanya mimi. Mwishoni mama anasoma ujumbe kwenye simu, na msikilizaji ameweka muziki hapo. Autoe. Friji lingurume tangu mwanzo, chini kabisa, mpaka mtazamaji alisahau. Mama akifungua ujumbe, friji lizime. Hakuna kilichoongezwa, lakini utaona mtu anakaa vizuri kwenye kiti.

ZUHURA: Kwenye spika ya simu je? Nimejaribu kitu kama hicho, sikusikia friji lenyewe.

SALIM: Ndiyo taabu yake. Umeme wetu ni wa Hz 50, na mngurumo wa friji mwingi uko kwenye Hz 100. Spika ya simu haifiki huko. Kama mngurumo hausikiki, hata kuzimika kwake hakutasikika. Kwa hiyo apandishe kidogo sehemu ya mlio iliyo kati ya Hz 400 na 800, ule mtetemo wa bati la nyuma. Pia friji likizima hujitikisa. Arekodi chupa mbili zilizogusana juu yake: zinatetemeka, zinagongana mara moja, basi. Hiyo simu inaitoa vizuri.

ZUHURA: Na baada ya hapo abakize nini?

SALIM: Hewa ya jikoni na nyenje, na asiviguse. Wengi hapo wanashusha kila kitu hadi sifuri, na chumba kinatoweka wakati mama bado amekaa ndani yake.

ZUHURA: Swali linalofuata, mwingine anauliza kuhusu mvua kwenye mabati.

SALIM: Ee bwana. Hiyo tuipe kipindi chake.