Kompresa Mbili Katika Miezi 16: Uchunguzi wa Chila ya Hoteli Moja Unguja

Assalamu alaikum, ndugu zangu mafundi. Nimeombwa nieleze uchunguzi tulioufanya mimi na mwenzangu kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki, ambako chila, yaani mtambo wa kupoza jengo, iliunguza kompresa mbili ndani ya miezi 16. Ya kwanza ilikaa miezi 11, ya pili mitano tu. Kompresa ya namna ile, ya pistoni, ya kufunguliwa kwa bolti, ikitunzwa hufika miaka 15 na kupita.

Mara zote mbili fundi aliyeitwa aliandika kwenye fomu maneno mawili: "umeme mbovu." Mwenye hoteli akanunua kompresa nyingine, ikafungwa, kazi ikaisha. Maneno yale si uongo, lakini hayamsaidii mtu. Mbovu kwenye fezi ipi? Saa ngapi? Na ubovu huo unatoka nje ya ukuta wa hoteli au uko ndani? Ukishindwa kuyajibu hayo, kompresa ya tatu nayo umeshaihukumu.

Tuliishusha ile ya pili tukaifungua mezani. Kwanza ilitupokea harufu, kali, ya kuchoma pua. Mafuta yalikuwa meusi kama kahawa chungu, na kipimo cha asidi kikabadilika rangi papo hapo. Lakini metali za krenki zilikuwa laini, hazina mkwaruzo hata mmoja, na vibao vya valvu vizima. Hapo tukaondoa washukiwa wawili. Gesi ingekuwa inarudi ikiwa bado majimaji, tungekuta valvu zimevunjika au metali zimesuguliwa baada ya mafuta kuoshwa. Mafuta yangekuwa yamepungua, krenki ingetuonesha. Sehemu za chuma zilikuwa na afya. Kilichokufa ni mota.

Sasa nawaomba mtulie hapa kidogo, kwa sababu waya za mota zinasema, na wengi wetu tunazitupa kabla ya kuzisikiliza. Mota ikizidiwa na mzigo, waya za fezi zote tatu huwa nyeusi sawasawa. Kukiwa na doa moja tu lililotoboka, na kwingine kote vanishi inayofunika waya inang'aa, tafuta uchafu, unyevu, au kipande cha chuma kilichokwaruza. Fezi moja ikikatika kabisa, mota ya nyota huungua makundi ya fezi mbili, na ya tatu hubaki safi. Sisi tulikuta kitu kingine. Makundi ya fezi moja yalikuwa makaa, yamepangana kwa nafasi sawa kuzunguka duara, na makundi ya fezi mbili nyingine yalikuwa ya hudhurungi, yamepata joto lakini hayajaungua. Hiyo ndiyo sura ya fezi zote tatu kuwapo, ila volti zake hazilingani.

Tukaenda kupima. Saa nne asubuhi, kwenye bodi kuu, tulipata 399, 401 na 400. Volti za kupendeza! Fundi wa mwanzo naye alipima asubuhi, akaridhika. Tungeondoka saa ile, nasi tungeandika ripoti ya bure. Lakini mlinzi wa zamu ya jioni, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza, alituambia: "Mashine hii hulalamika maghrib." Tukaacha kifaa cha kurekodi volti kwa siku saba.

Kila siku picha ilikuwa ile ile. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku volti zilisomeka 401, 380 na 377. Hesabu yake ni nyepesi. Wastani wa namba hizo ni 386. Iliyo mbali zaidi na wastani ni 401, tofauti ni 15. Gawa 15 kwa 386, zidisha kwa 100, unapata karibu 3.9 kwa mia. Watengenezaji wengi wa chila huweka mpaka kwenye 2. Mtu ataona 3.9 ni kidogo, lakini kanuni tunayoitumia kwenye mota ni kuizidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha mara mbili: joto la waya huongezeka kwa takriban asilimia 30. Gesi baridi inayorudi kwenye kompresa huipoza mota na hupunguza makali, lakini haiyamalizi. Na inajulikana kuwa kila nyuzi 10 za joto zikizidi, maisha ya vanishi hukatika nusu. Ampea nazo zilithibitisha: 101, 68 na 71, kwenye mota ambayo kibao chake kinasema ampea 80.

Kwa nini maghrib? Wageni wanarudi kutoka baharini, wanaoga. Hoteli ilikuwa imeongeza vyumba 12, kila kimoja na hita ya maji ya papo hapo ya kilowati 3, na aliyefunga waya aliziunga zote kwenye fezi moja, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na nafasi kwenye bodi. Zikiwaka pamoja ni kilowati 36, zaidi ya ampea 150 kwenye waya mmoja, juu ya kebo ya mita 300 kutoka transfoma. Kwa hiyo ubovu haukutoka kwenye kebo ya bahari inayoleta umeme kutoka bara. Ulitoka bafuni.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, bwana... Anauliza mbona kinga haikukata. Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonisikitisha kuliko yote. Ndani ya waya za mota mna vipimajoto vidogo vinavyoarifu moduli ya kinga. Moduli ilifanya kazi yake, ilikata karibu kila maghrib. Tulipofungua paneli tulikuta kipande cha waya mwekundu, kama urefu wa kidole, kimeunganisha vituo vyake viwili, kimezungushiwa tepu vizuri kabisa. Jampa. Na ovalodi, kinga inayokata ampea zikizidi, ilikuwa imepandishwa hadi 105. Wageni walilalamika joto, mtu akatafuta njia ya kuinyamazisha mashine. Simlaumu peke yake: hakuna daftari lililoonesha imekata mara ngapi, na hakuna aliyemwambia kukata kule kulimaanisha nini.

Kwa hiyo tuliandika hivi: chanzo ni mzigo wa hita kwenye fezi moja, kilichoruhusu chanzo kiue ni jampa. Kuhusu kompresa ya pili kufa haraka zaidi, tulisema asidi iliyobaki kwenye mabomba inawezekana ilichangia, maana baada ya ajali ya kwanza mafuta yalibadilishwa mara moja tu na filta ya kusafishia haikufungwa. Kiasi gani ilichangia hatukuweza kuthibitisha, na tuliandika hivyo hivyo.

Mapendekezo tuliyafanya wenyewe. Hita ziligawanywa nne nne, na maghrib iliyofuata tulisoma 391, 388 na 391, yaani 0.5 kwa mia. Jampa ikatolewa, ovalodi ikarudishwa, ikafungwa rilei ya kulinda fezi. Kisha mabomba: filta ya asidi upande wa kurudisha gesi, mafuta mapya, na vakyumu hadi chini ya maikroni 500, tukafunga pampu tukangoja kuona kama inapanda. Baada ya saa 48 mafuta yalipimwa, bado machungu. Tukabadilisha tena filta na mafuta. Kipimo cha pili kilionesha asidi kidogo, cha tatu hakikubadilika rangi, ndipo tukaitoa filta na kumkabidhi mlinzi wa jioni daftari la volti.