Amca si Mjomba: Ukoo wa Kituruki Ndani ya Tamthilia

ZAINABU: Karibuni kipindini. Leo tuko na wanaotafsiri tamthilia za Kituruki. Kaka Salim, mtafsiri ana maandishi ya Kiingereza tu mkononi. Anakuta "anko Orhan", anaandika "mjomba Orhan". Kakosea?

SALIM: Amebahatisha. Kwa Kiingereza ndugu wa kiume wa baba na wa mama wote ni anko. Mturuki anawatenga: wa baba ni amca, na hiyo c tamka kama j yetu, "amja", wa mama ni dayı. Wanawake vilevile: wa baba ni hala, wa mama ni teyze. Kwa hiyo usianze na maandishi, anza na sauti. Ukisikia "amja", mjomba hayupo hapo.

ZAINABU: Basi dayı ni mjomba, hala ni shangazi, hayo mawili yamekwisha.

SALIM: Yamekwisha, ila anayejua Kiarabu awe macho na hala. Kwa Waarabu khala ni ndugu wa mama. Kwa Waturuki neno limehamia upande wa baba. Ukifuata Kiarabu utamgeuza shangazi kuwa mama mdogo.

ZAINABU: Na amca sasa? Maana sisi tutauliza: baba mkubwa au baba mdogo?

SALIM: Hapo ndipo kazi ilipo. Amca haisemi nani alizaliwa kwanza, na teyze hali kadhalika. Tuseme binti anaitwa Elif, baba yake Kemal, na Orhan ni amca wa Elif. Usimwangalie Elif, msikilize Kemal anavyomwita Orhan. Akimwita "abi", yaani kaka aliyemzidi umri, Orhan ni baba mkubwa. Akimwita "Orhan" kavu, na Orhan ndiye anayesema "Kemal abi", ni baba mdogo.

ZAINABU: Na kwa teyze tunasikiliza mama kama anasema "abla".

SALIM: Naam, abla ni dada mkubwa. Shida ni kwamba wakati mwingine ndugu hao hawakutani mpaka sehemu ya kumi, na wewe unatafsiri ya kwanza. Mimi ningeomba muhtasari wa wahusika mapema. Ukishaandika "baba mdogo" kisha Kemal akamwita "abi", itabidi urudi nyuma kusahihisha kila mahali.

ZAINABU: Wake na waume zao je?

SALIM: Hapo mambo yanageuka: Mturuki ndiye anayefupisha, sisi ndio tunaopambanua. Yenge ni mke wa amca, mke wa dayı, na hata mke wa kaka yako. Kwa Kiswahili mke wa mjomba ni mkaza mjomba. Mke wa kaka, msemaji akiwa mwanamke, ni wifi, akiwa mwanamume ni shemeji. Neno moja la Kituruki, na huwezi kuandika chochote kabla hujajua nani anasema na mume ni nani. Enişte nayo ni hivyo hivyo: mume wa hala, wa teyze, au wa dada.

ZAINABU: Sasa kuna wale wasio ndugu kabisa. Kijana sokoni anamwita muuza mboga "teyze".

SALIM: Andika "mama", usiandike "mama mdogo". Mwanamke mtu mzima asiye ndugu huitwa teyze, mwanamume huitwa amca, sisi tungesema "mzee". Dayı pia husikika mitaani. Kipimo kizuri ni ile m ya mwisho, "wangu". Mtu akimsimulia mwenzake habari za "Ayşe teyzem", kwa kawaida ni ndugu wa damu. "Ayşe teyze" peke yake anaweza kuwa jirani tu.

ZAINABU: Lakini mtoto akimwita shangazi yake uso kwa uso si anasema "hala" bila m?

SALIM: Anasema, ndiyo maana kipimo hicho kinafaa zaidi anapotajwa mtu asiyekuwepo. Na uso kwa uso kuna mtego mkubwa kuliko huo. Mturuki mtu mzima humrudishia mtoto cheo kile kile ambacho mtoto humwitia yeye. Orhan anamwambia Elif mdogo, "Gel amcacım."

ZAINABU: Yaani "njoo, baba mdogo wangu"? Anamwambia mtoto?

SALIM: Ndivyo maneno yalivyo, lakini ni mapenzi tu. Mama naye humwita mwanawe "annecim", yaani "mama yangu". Ukitafsiri neno kwa neno, mtazamaji atadhani mistari imebadilishana wasemaji. Tazama mdomo wa nani unasema; akiwa mkubwa ndiye anayetumia cheo chake kwa mdogo, andika "njoo, mwanangu".

ZAINABU: Na mpwa tusimtumie hapo?

SALIM: Elif ni mtoto wa ndugu yake wa kiume. Kwetu huyo ni mwanawe, ingawa Orhan akimtambulisha kwa wageni atasema yeğenim, neno linalobeba watoto wa kaka na wa dada pamoja. Mpwa mwachie dayı.