Nati imekataa kutoka: moto, oili na subira

Karibuni jamani, sogeeni hapa mezani, wazazi mliokaa nyuma nanyi njooni maana hii kitu ni ndogo na ukiwa mbali huioni. Hii ni manifodi ya ekzosi ya Hiace, bado imefungwa kwenye silinda hedi yake, na hizi ni stadi, zile boliti zisizo na kichwa, za milimita 10 na nati zake. Hii gari ilikuwa inalala karibu na bahari, na ekzosi inapata moto inapoa kila siku, kwa hiyo mnaona wenyewe nati imeshakuwa donge la kutu, huwezi hata kusema wapi nati inaishia wapi stadi inaanza.

Sasa fundi mwenye haraka anafanyaje? Anatia spana, ikigoma anachomeka bomba refu kwenye mkono wa spana, anavuta. Nati haitoki, stadi ndo inakatika, tena inakatika usawa wa hedi, hakuna pa kushika. Mimi nilikata stadi namna hiyo nikiwa na mwaka mmoja tu gereji, kazi ya nusu saa ikawa siku mbili, kushusha hedi, kutoboa na drili katikati ya stadi polepole kwa kuogopa kula thredi za hedi, na mteja amekaa kwenye tairi ananiangalia. Ile siku sijaisahau mpaka leo, ndo maana nimeomba kuzungumza hii mada.

Kwanza tujue nini kimeishika hiyo nati. Chuma kikiliwa na kutu, ile kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kilichokuwepo, mara mbili na zaidi. Kati ya thredi za nati na za stadi kuna uwazi mdogo sana, kutu ikizaliwa mle haina pa kwenda, inajisindilia. Kwa hiyo nati imekabwa na kabari, na kabari huishindi kwa kuvuta, unaishinda kwa kuipasua. Na kutu uzuri wake ni kwamba inavunjika kama kigae, haipindi. Kumbukeni hapo, kila kitu ntakachofanya saivi kinatokana na hapo.

Oili. Hii nati ya kushoto nimeanza nayo juzi. Nimepiga brashi ya waya mpaka ncha ya stadi ikaonekana inang'aa, maana ukimwaga oili juu ya uchafu inanywewa na uchafu. Halafu nikatia oili nyepesi ya kulegeza kutu, matone machache tu, halafu nikagonga ncha ya stadi na ubavu wa nati kwa nyundo ndogo, ko ko ko, sio kwa hasira, kugonga kunafungua nyufa kwenye kutu na oili nyepesi inapanda yenyewe kwenye nyufa kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Ndo maana oili ya injini haifai hapa, nzito mno. Wengi wetu mtaani tunatumia dizeli, inasaidia ila inahitaji muda zaidi. Asubuhi na jioni nimerudia, tone, gonga, acha. Hakuna njia ya kuiharakisha hiyo, oili inatambaa kwa mwendo wake, ukija baada ya dakika tano ukaanza kuvuta ni kama hukuitia.

Kijana hapa mbele kauliza swali zuri, nati ikipata moto si inavimba, sasa tundu lake si litabana zaidi? Hapana, na wengi wanakosea hapa. Chukua picha ya chapati yenye tundu kwenye simu yako, ikuze kwa vidole, chapati inakua na tundu nalo linakua. Chuma kikipata moto ni vilevile, tundu linapanuka nje pamoja na nati yote. Linapanuka kiasi gani? Chuma kwa kila digrii moja kinaongezeka sehemu 12 kwa milioni, kwa hiyo tundu la milimita 10 nati ikiwa na moto wa digrii 300 zaidi ya stadi linaongezeka milimita 0.036. Mtasema hiyo si kitu, ni kama nusu ya unene wa unywele, lakini kwa kutu iliyobanwa hiyo ni nafasi kubwa, inapasuka.

Ila nisikilizeni hapa, nimesema zaidi ya stadi. Ukitumia moto mdogo ukakaa robo saa, stadi nayo inapata moto ileile, vyote vimevimba pamoja, hujapata kitu. Moto unatakiwa mkali, wa haraka, unazunguka nati peke yake. Mimi nawasha gesi, nazungusha, na nikiona nati imeanza wekundu hafifu pale kivulini, hapo ni kama digrii 600, natoa moto. Sizidishi. Kabla ya kuwasha nimefuta oili yote ya juu na kopo la oili lipo mbali kule, mnaliona. Na hii hedi ni ya chuma, ingekuwa ya aluminiamu moto wangu ungekuwa mwingine kabisa maana aluminiamu haikuonyeshi wekundu, ya hedi inayeyuka hata kabla ya digrii 660 hujaona dalili. Na usilete moto karibu na shokomzoba, bomba la petroli, raba, au sehemu uliyoisafisha kwa spirei ya breki, zipo zinazotoa gesi ya sumu kali zikiungua.

Haya, sasa mnatamani nivute. Sivuti. Nazima gesi kabisa, nasubiri mpaka tone la maji likidondoka lichemke taratibu badala ya kurukaruka, halafu nagusisha mshumaa hapa pembeni. Mnaona? Nta inayeyuka na inapotea ndani, inavutwa na zile nyufa. Nta inalainisha thredi na haina hatari kama ya oili kwenye chuma cha moto.

Sasa spana, ringi sio ya mdomo wazi, isije ikala kona za nati. Kwanza naikaza kidogo, ndio, naikaza, unywele tu, kuivunja ile kutu kwa upande wa pili. Halafu nalegeza. Mkono ndo unaambia. Ukisikia "ta!" kavu, hiyo kutu imeachia. Ukisikia spana inaenda laini kama unakamua raba na ukiachia inarudi, simama, stadi inajisokota na inakaribia kukatika, rudi kwenye moto na mshumaa.

...Mmesikia? Imeachia. Ila sitoi moja kwa moja, robo mzunguko nje, nusu ya hiyo ndani, nta, tena nje, maana unga wa kutu ukijikusanya mbele ya thredi unakwama upya katikati ya safari na hapo wengi wanakata stadi wakidhani wameshamaliza.

Haya imetoka, pokeeni mpitishe, imeshapoa kiasi ila shikeni kwa kitambaa. Angalieni ndani, ule unga mwekundu na nta nyeusi mpaka thredi ya mwisho. Nati hii hairudi kwenye gari, imeshapigwa moto, ugumu wake umepungua, nafunga mpya na napaka grisi ya shaba kwenye stadi. Ile ya kulia haijaguswa na oili hata tone, nani anataka kujaribu kuisikia kwa spana bila bomba?