Pampu ya Sola: Jibu la Kwanza kwa Muuzaji

Ndugu mwenyekiti, ndugu wajumbe wa kamati za maji, mafundi wetu, shikamooni wakubwa, wengine habari za asubuhi.

Tuingie moja kwa moja. Amekuja muuzaji kijijini. Ana kabrasha zuri, ana fulana yenye nembo, na kwenye simu ana video ya maji yanayofoka kama bomba kuu limepasuka. Anawaambia: "Pampu hii inatoa lita 6,000 kwa saa, inapandisha mpaka mita 110, sola tupu, hakuna dizeli. Milioni 14, kila kitu ndani. Ila bei hii mwisho Ijumaa."

Huyu mtu huenda hajasema uongo hata neno moja. Hilo ndilo linalosumbua. Lita 6,000 ni kweli, na mita 110 ni kweli, lakini pampu haifanyi yote mawili kwa wakati mmoja. Lita 6,000 inazitoa ikiwa haipandishi maji popote. Ikifika mita 110 inahema tu, na tone halitoki. Katikati ya hapo kuna mstari unaoshuka, na kila mtengenezaji wa maana huuchora: kwa kimo hiki, maji kiasi hiki. Kazi ya kamati ni kujua kisima chao kinaangukia wapi kwenye mstari huo.

Kwa hiyo kabla ya kumjibu, fanyeni hesabu yenu wenyewe. Tuchukue kijiji cha watu 800. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilihesabu lita 25 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo mnahitaji lita 20,000 kila siku. Sasa kimo. Fungueni ripoti ya majaribio ya kisima. Kama hamna, iombeni kwa aliyechimba, au ulizeni ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Tuseme inaonyesha maji yakiwa yametulia yapo mita 38 chini, na pampu ikivuta yanashuka mpaka mita 46. Mnachukua 46, si 38. Mdomo wa tanki uko juu ya mdomo wa kisima kwa mita 9. Msuguano ndani ya bomba tuupe mita 5. Jumla mita 60. Kina pampu inaponing'inia hakimo kwenye hesabu hii, maana maji yaliyo juu ya pampu yanajisukuma yenyewe. Muuzaji akikokotoa kwa mita 38 anawapunja, na akiongeza kina cha pampu anawauzia mtambo mkubwa kuliko haja.

Kuna namba moja ya kukariri: kupandisha maji lita 1,000 kwa mita moja kunahitaji wati-saa 2.7 hivi. Lita 20,000 kwa mita 60 ni wati-saa kama 3,270. Pampu na mota yake hula zaidi ya nusu ya umeme zinaoupokea, kwa hiyo mnapaswa kuipa kama 7,300 kwa siku. Siku nzuri ya jua tuihesabu kama saa 5 za jua kali, na paneli ikipata joto na vumbi hupoteza sehemu ya tano ya nguvu yake. Mkigawanya mnapata paneli za wati 1,800 na kitu. Yule wa milioni 14 ameandika paneli 4 za wati 300, yaani wati 1,200. Kwa kisima hiki zitatoa lita kama 13,000 kwa siku. Pampu itafanya kazi, haitaharibika, na watu karibu 300 hawatapata maji. Mtamshtaki kwa lipi?

Basi jibu lenu kwake liwe fupi na la maandishi. Linaweza kusomeka hivi: "Tumepokea maelezo yako, tunashukuru. Kabla ya kukuita kwenye kikao cha bei, tunaomba mambo matatu. Utuonyeshe mtambo uleule uliouandika ukitoa maji kwa kimo cha mita 60. Utupe orodha ya visima vyote ulivyofunga katika mkoa huu miaka 3 iliyopita, pamoja na namba za waendeshaji wake. Utupe ankara ya awali yenye bei ya kila kifaa na kila kazi peke yake." Msimwambie mna shilingi ngapi benki. Akijua mna milioni 16, mtambo utagharimu milioni 15 na laki tisa.

Maonyesho ndiyo yenye mitego zaidi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Maonyesho ya kawaida ni pampu iliyotumbukizwa kwenye pipa juu ya gari, inarusha maji kurudi kwenye pipa hilohilo. Kimo chake ni mita moja, na hata pampu mbovu itawapendeza. Yafaayo ni mawili. La kwanza, awapeleke kwenye kisima alichokwisha kufunga chenye kimo kinachokaribia chenu. Likishindikana, pipa lake libaki, ila mbele ya pampu afunge geji ya presha, na baada ya geji afunge vali. Mota ikiwa inazunguka, vali ifungwe polepole mpaka geji isome chini kidogo ya bar 6, tuseme 5.9. Kila bar moja ni kama mita 10 za kimo, kwa hiyo pampu sasa inadhani iko kisimani kwenu. Maji yanayotoka hapo ndiyo mtakayoyapata. Mtaona jinsi lile furiko linavyokuwa mkondo wa kawaida.

Yapimeni. Ndoo ya lita 20 hujaa haraka mno, kosa la sekunde mbili linabadilisha jibu. Tumieni pipa la lita 200 na saa ya simu. Ili kupata lita 20,000 kwa siku, saa sita mchana jua likiwa wazi mnahitaji kama lita 4,000 kwa saa, yaani pipa lijae kwa dakika 3. Mtambo wa paneli 4 utalijaza kwa dakika 4 na nusu. Pimeni tena saa tatu asubuhi, ili mwone pampu inaamka na jua la namna gani. Ipo inayosubiri mpaka saa nne, na kina mama walishapanga ndoo tangu alfajiri.

Wakati huohuo mtu mmoja afuate waya kwa macho kutoka kwenye paneli mpaka kwenye kontrola, kile kisanduku kinachoongoza pampu. Hesabuni paneli, someni wati mgongoni mwa kila moja, hakikisheni hakuna betri wala jenereta iliyochomekwa pembeni. Namba ya modeli ya pampu iliyo mbele yenu ilingane na ya kwenye karatasi. Andikeni, pigeni picha. Halafu ombeni mambo mawili ambayo wauzaji wengi hawayatarajii. Sensa inayohisi kama maji yapo kisimani itolewe nje ya maji: pampu inatakiwa isimame yenyewe, kwa sababu pampu ikizunguka bila maji inaungua mota au inaua raba zake kwa muda mfupi sana. Kisha boya la tanki linyanyuliwe kwa mkono: isimame tena. Akisema "hizo tutaweka baadaye", andikeni kwamba hazimo.

Wateja wake wa nyuma ni suala la kupiga simu vizuri. Muuzaji akiwapa majina matatu, atawapa watatu wanaompenda. Ndiyo maana mmeomba orodha yote, mchague wenyewe, na mchague waliofungiwa zaidi ya miaka 2 iliyopita. Pampu ya miezi mitatu haina habari ya kutoa. Msiongee na mwenyekiti wa kijiji aliyekata utepe, ongeeni na mwendesha pampu. Mara ya mwisho ilisimama lini? Kwa siku ngapi? Aliyekuja kuitengeneza alitoka wapi, na nauli na kazi ya kunyanyua mabomba alilipa nani? Kontrola iliyokufa ilibadilishwa kwa waranti au walinunua nyingine?

Mkifika huko, someni dira ya maji. Dira iliyosoma mita za ujazo 9,490 tangu ifungwe siku 730 zilizopita inasema kisima kimetoa mita 13 kwa siku, yaani lita 13,000, hata kama ubao wa mradi umeandika 20,000. Ila msihukumu haraka: tanki likijaa, boya huzima pampu, na kijiji kidogo kinaweza kutumia kidogo tu. Ulizeni kama tanki hukauka jioni. Likikauka na dira inasoma 13, mtambo ni mdogo. Likibaki limejaa, hauna kosa.

Sasa bei. "Kila kitu ndani" ni maneno ya kununua mbuzi kwenye gunia. Katika mchanganuo, tafuteni kwanza vitu visivyoonekana. Pampu itaning'inia mita 55, na kutoka mdomo wa kisima mpaka kwenye kontrola ni mita 15. Waya unaohitajika ni mita 70. Kama vifurushi vyake vinakuja na waya wa mita 50, zile 20 zitaungwa, na kiungo kikiwa ndani ya maji hicho ndicho kitakachowasumbua kwanza. Unene wa waya uandikwe pia, maana mwembamba hula umeme njiani. Bomba la kupandishia liandikwe urefu na presha: pampu inayofika mita 110 inaweza kuleta bar 11 siku vali ikisahauliwa imefungwa, kwa hiyo bomba la bar 10 halitoshi. Kisha kamba ya usalama, kifuniko cha kisima, fremu ya paneli na zege lake, waya wa ardhini na kinga ya radi, dira, usafiri, ufungaji, siku ya majaribio.

Kodi nayo iwe mstari kwa mstari. Kodi ya ongezeko la thamani ya Tanzania Bara imekuwa asilimia 18. Milioni 14 "kabla ya kodi" ikitozwa yote ni milioni 16 na laki tano na ishirini elfu. Baadhi ya vifaa vya sola vimekuwa vikisamehewa, na orodha hubadilishwa na Sheria ya Fedha, kwa hiyo aonyeshe kipi ametoza na kipi hakutoza, na risiti ya EFD itoke kwa jina la chombo chenu. Waranti nayo ina sehemu mbili: kifaa, na kazi ya kukitoa kisimani. Wengi wanatoa ya kwanza, wanakaa kimya kuhusu ya pili.

Muuzaji atakayekasirika na barua hiyo mwacheni aende na Ijumaa yake. Mwingine atarudi na ankara mpya: paneli 6 za wati 330, waya mita 70 usio na kiungo, bomba la bar 16, na jumla itakuwa juu ya milioni 14. Hapo ndipo mtaweza kuiweka karatasi yake kando ya ya mshindani na kusoma mstari kwa mstari, kwa kuwa wote wawili sasa wanauza lita 20,000 kwa mita 60. Na kwenye mkataba, bakizeni asilimia 10 ya malipo mpaka pipa lile la lita 200 lijae kwa dakika 3 kwenye kisima chenu, saa sita mchana, mbele ya kamati.

Karibuni maswali.