Nyavu Tatu na Asilimia Sita

Ndugu zangu, mlionisikia Mbweni na Kigamboni mnisamehe, kisa ni kilekile. Nitakirudia mpaka nione mvuvi anakwenda kukopa na kalamu mkononi.

Nahodha mmoja wa Kunduchi alifiwa na mashine ya boti. Fundi akataka shilingi 600,000. Kulikuwa na mkopeshaji wa dirishani, bango lake limeandikwa asilimia 6 kwa mwezi. Kulikuwa na kikoba cha palepale pwani, kinatoza asilimia 10 kwa mwezi. Kote muda ni miezi 3. Mabaharia wakamwambia, "Nahodha, kati ya sita na kumi kuna la kufikiri hapo?" Mkewe, mkaanga samaki, akauliza swali moja tu: "Hiyo sita, ni sita ya nini?"

Nahodha akaenda kuuliza. Dirishani riba inapigwa kwenye 600,000 nzima kila mwezi, hata ukishalipa nusu. Ni 36,000 mara tatu, yaani 108,000. Jumla unarudisha 708,000, kila mwezi 236,000. Halafu kuna ada ya fomu, 30,000, inakatwa kabla hujagusa hela. Unatoka na 570,000, na fundi bado anataka 600,000 yake.

Kwenye kikoba kila mwezi unarudisha 200,000 ya deni, pamoja na asilimia 10 ya deni ulilokuwa nalo mwezi huo. Riba ni 60,000, kisha 40,000, kisha 20,000.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na watu. Wewe umeazima nyavu 3 kwa jirani, za kulipia. Mwezi wa kwanza ukiisha umerudisha mmoja. Mwezi wa pili unatumia 2, lakini jirani anakudai kodi ya nyavu 3. Mwezi wa tatu umebaki na mmoja, bado anadai kodi ya nyavu 3. Ungekubali? Ungemfuata mpaka mlangoni kwake! Lakini hela ikifanyiwa hivyohivyo tunaweka dole gumba kwenye karatasi, tena tunasema ahsante.

Nahodha akakaa na mkewe, wakatafuta kiwango cha kweli cha dirishani. Hakuna uchawi. Unakisia kiwango, unaanza na hela iliyofika mkononi, unaongeza riba ya mwezi, unatoa rejesho, unaendelea. Deni likiisha sawasawa na rejesho la mwisho, umekipata.

Wakajaribu asilimia 12. Hiyo 570,000 ikawa 638,400. Toa 236,000, zikabaki 402,400. Mwezi wa pili zikawa 450,688. Toa rejesho, 214,688. Mwezi wa tatu 240,450, toa rejesho, na deni la 4,450 bado limesimama. Kumbe 12 imezidi. Wakashuka asilimia 11, kwa njia ileile, na sasa malipo yakapita deni kwa shilingi 9,186. Basi kiwango kiko katikati, karibu zaidi na 12. Ni kama asilimia 11.7 kwa mwezi.

Bango linasema 6! Na kikoba kilichosema 10 ni 10 kweli.

Najua kuna atakayesema, "Mwalimu, mbona unazunguka, si ujumlishe tu? Dirishani gharama 138,000, kikoba 120,000." Sawa, hapa inatosha, kwa sababu muda ni mmoja. Akija wa tatu na mkopo wa miezi 5 au wa wiki 6, jumla itakudanganya. Kiwango cha mwezi ndicho kinachowaweka wote kwenye mzani mmoja. Mwingine anasema kikoba si kitu rasmi. Someni Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018: vikundi vya jamii vimo, daraja la nne.

Sisemi kikoba ni rahisi kila mahali. Rejesho lake la kwanza ni 260,000, zito kuliko 236,000 ya dirishani, na nahodha alilazimika kupanga likutane na usiku wa giza, dagaa wanapofuata taa, wala si mbalamwezi. Vilevile vipo vikoba vinavyokutaka ununue hisa kwanza. Hela hiyo imefungwa, nayo iingie kwenye hesabu.

Faini ya kuchelewa nilitaka kuieleza, maana kusi ikivuma boti hazitoki, lakini naona muda umekwisha. Ulizeni kabla ya kusaini: faini inapigwa kwenye rejesho lililochelewa, au kwenye mkopo mzima?

Nahodha alikopa kikoba. Karatasi ile ya hesabu mkewe aliibandika ukutani, karibu na karai la kukaangia, na mabaharia wawili wameshakwenda kuinakili.